Posho ya kikao cha bodi: robo hii nimekatwa 30%, robo iliyopita 15%. Mhasibu anasema "ndivyo mfumo unavyotoa". Kipi sahihi?

#1 Mjumbe wa Robo

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mhadhiri wa chuo cha umma, mshahara wangu unatoka Hazina. Nimeteuliwa pia kuwa mjumbe wa bodi ya taasisi nyingine ya umma. Taasisi siitaji, na naomba msinibane kwa hilo.

Robo iliyopita malipo yangu yalikuwa posho ya kikao 500,000 na nauli 120,000. Ikaingia 545,000, yaani walikata 75,000, ambayo ni 15% ya posho peke yake. Nikaona sawa.

Robo hii vitu ni vilevile, posho 500,000 na nauli 120,000, ila ikaongezeka honoraria 600,000 kwa sababu tulikaa kamati ndogo ya kupitia mpango mkakati. Jumla 1,220,000. Kilichoingia benki ni 854,000. Makato ni 366,000, na ukipiga hesabu unakuta ni 30% ya kila kitu, nauli ikiwemo.

Nikampigia mhasibu wao. Kanijibu kwa adabu kwamba ndivyo mfumo unavyotoa. Nikaomba mchanganuo, akasema atanitumia. Mpaka leo sijaupata. Mjumbe mwenzangu ambaye ni mstaafu, tulikaa naye kikao kimoja na kamati moja, yeye kakatwa 15%.

Swali langu: kodi halali hapa ni ipi, na nikitaka kuhoji naanzia wapi bila kuonekana nalilia posho?

---

#2 Kiriba

Mkuu umeibiwa. Posho za serikali hazikatwi kodi. Sheria ipo wazi, honoraria, nauli, nyumba, zote zimesamehewa. Dai 366,000 yako yote.

---

#3 Chausiku wa Tandika

Pole sana. Mimi wananikata 15% kila mwezi tangu 2019 na deni halipungui. Ukiingia kwenye akaunti yako utaona salio, omba taarifa ya deni kwanza kabla hujagombana nao.

---

#4 Mjumbe wa Robo

@Chausiku dada, wewe unaongelea Bodi ya Mikopo. Mimi ni bodi ya wakurugenzi.

---

#5 Chausiku wa Tandika

Nimeona "bodi" na "15%" nikajua tumekutana wenye maumivu sawa. Basi nakaa hapa najifunza, siku moja nami nitateuliwa.

---

#6 Vocha Namba Moja

Nimekaa ofisi za uhasibu wa taasisi za umma muda mrefu, ngoja nichangie kwa utaratibu.

Kiriba (#2) kashika nusu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kinatoa kwenye mapato ya ajira baadhi ya posho: ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada, ya saa za ziada, ya mazingira magumu, na honoraria. Lakini msamaha huo una masharti mawili. Mpokeaji awe mtumishi wa Serikali au wa taasisi yake, na taasisi iwe ile ambayo bajeti yake inalipwa yote au kwa sehemu kubwa na ruzuku ya Serikali.

Sasa angalia orodha vizuri: posho ya kikao haimo. Kwa hiyo 500,000 ya mleta mada inakatwa kodi, na hapo Kiriba kakosea. Honoraria imo, ila inategemea taasisi inayolipa inaishi kwa ruzuku au kwa mapato yake yenyewe. Taasisi inayojiendesha kwa ada na tozo haiwezi kujificha kwenye msamaha huu.

Mleta mada, hiyo taasisi inaishi kwa nini?

---

#7 Mjumbe wa Robo

Asante mkuu. Mishahara ya watumishi wao inatoka Hazina. Matumizi mengine, vikao vikiwemo, wanalipa kwa makusanyo yao.

---

#8 Vocha Namba Moja

Basi umegusa palepale penye ubishi. Nimeona wakaguzi wawili wakitofautiana juu ya taasisi moja ya aina hiyo. Mmoja alijumlisha mishahara akasema sehemu kubwa ya bajeti ni ruzuku. Mwingine akasema tunaangalia fungu lililolipa posho yenyewe, na fungu hilo ni mapato ya ndani, kwa hiyo kodi ikatwe. Sheria inataja bajeti ya taasisi, haitaji fungu, ndiyo maana mimi naelekea kwa yule wa kwanza. Lakini siwezi kukuapia.

---

#9 Wakili Mtaa wa Mahakama

Ndugu Vocha kaeleza vizuri ila karuka swali moja kubwa. Msamaha unamhusu mtumishi wa Serikali au wa taasisi yenye ruzuku. Mleta mada ni mtumishi wa chuo, siyo wa taasisi iliyomlipa. Je, tunapima ruzuku ya chuo kilichomwajiri au ya taasisi iliyomwita kwenye bodi? Kifungu kinavyosomeka, unaweza kutetea upande wowote. Mimi nikiwa upande wake ningesema yeye ni mtumishi wa taasisi inayoishi kwa ruzuku, basi, hakuna mahali imeandikwa kwamba mlipaji awe mwajiri huyohuyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa kodi ya mapato, mjumbe wa bodi anahesabiwa yumo kwenye ajira. Tafsiri ya ajira katika sheria hii inabeba nafasi ya meneja wa taasisi, na meneja anatafsiriwa kwa upana hadi kumgusa mkurugenzi na mjumbe anayeshiriki maamuzi ya juu. Kwa hiyo hoja ya "mimi siyo mwajiriwa wao" haifiki mbali.

---

#10 Kiriba

Sawa, nakubali posho ya kikao haimo. Ila hiyo 30% inatoka wapi? PAYE inaanzia 8%.

---

#11 Vocha Namba Moja

30% ni kiwango cha ajira ya pili. Tangu Julai 2021 jedwali la PAYE linaanza na 270,000 za kwanza bila kodi, halafu 8% mpaka 520,000, halafu 20% mpaka 760,000, kisha 25% mpaka milioni moja, na kinachozidi hapo ni 30%. Ngazi hizo unazitumia kwa mwajiri wako mkuu tu. Ukipata ajira ya pili hupewi tena zile 270,000 za bure, unakatwa 30% kuanzia shilingi ya kwanza.

Nahisi kilichotokea ni hiki. Robo iliyopita walikuingiza kama mkurugenzi asiye wa kudumu, ambaye ada yake inazuiwa 15%. Robo hii kuna mtu kakuona una cheki namba ya Hazina, akakuhamishia kwenye kundi la ajira ya pili. Mstaafu hana cheki namba, akabaki kwenye 15%. Kwenye mfumo wa malipo anayeingiza vocha ndiye anayechagua aina ya kodi. Mfumo hauamui, unatii.

---

#12 Wakili Mtaa wa Mahakama

Hapo ndugu yangu nakupinga kidogo. Kiwango cha 15% kimewekwa mahsusi kwa ada ya wakurugenzi wasio wa kudumu. Kama kuna kiwango mahsusi, kile cha jumla kinakaa pembeni. Mleta mada ni mkurugenzi asiye wa kudumu, awe na cheki namba au asiwe nayo. Kumweka 30% ni kumwadhibu kwa kuwa na kazi.

---

#13 Vocha Namba Moja

Wakili, hoja yako naijua na ndiyo ninayoitumia mimi ofisini. Lakini nimeshakutana na ofisa aliyesema ada ya mkurugenzi ni ile ya mwaka inayopangwa kwa mwongozo wa Msajili wa Hazina, na posho ya kikao ni kitu kingine. Kwake 15% ni ya ada ya mwaka tu, vikao ni 30%. Sikukubaliana naye, ila alikuwa na mhuri na mimi sikuwa nao.

---

#14 Mama Akiba

Wanangu shikamooni kwa wakubwa na marahaba kwa wadogo.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya SACCOS yetu. Mkutano mkuu ukipitisha honoraria ya mwisho wa mwaka, tunakatwa 15% hapohapo. Miaka yote sijawahi kupewa karatasi yoyote ya kuonyesha pesa ilikwenda TRA. Juzi meneja mpya akasema tulitakiwa kukatwa 5% kama watoa huduma. Sasa nani mkweli?

---

#15 Vocha Namba Moja

Shikamoo mama. Ile 5% ni ya ada ya huduma, kama mngemwita mshauri kutoka nje awaandalie mpango. Nyie mmechaguliwa kuongoza chama, hamjatoa huduma kwa ankara. Msamaha wa honoraria wa kifungu cha 7 nao hauwagusi, SACCOS siyo taasisi ya Serikali. Nadhani 15% yenu iko mahali pake.

Lakini karatasi ni haki yenu. Aliyezuia kodi lazima atoe cheti cha kodi ya zuio, na chini ya cheti hicho kuna TIN yako. Bila cheti, ukiulizwa na TRA huna cha kuonyesha, hata kama chama kililipa. Na kama hakikulipa ndiyo utajua hapo.

---

#16 Mama Akiba

Nitaomba ya miaka mitatu. Wakikosa kuitoa, mkutano mkuu utanisikia.

---

#17 Kisiwani Bara

Mama Akiba, nakuomba siku ya mkutano huo unialike, nije na mkeka.

---

#18 Nyali Baharini

Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya ada za wakurugenzi wakaazi zinapitishwa kwenye PAYE kama mshahara, na ile nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi unaipata kwa mwajiri mmoja pekee. Kwa hivyo mwenye kazi nzuri kwingine hukatwa kiwango cha juu kwenye kikao. Hatuna hiyo 15% yenu. Mimi ningefurahi sana nikikatwa 15%.

---

#19 Kisiwani Bara

Karibu uchukue uraia, Nyali. Ila nauli hatukurudishii.

---

#20 Mjumbe wa Robo

Tukizungumzia nauli: hiyo 120,000 ni ya basi kwenda na kurudi na bajaji za pale mjini. Iweje ikatwe kodi?

---

#21 Hesabu za Usiku

Mimi ni mhasibu pia, wa taasisi ndogo. Nauli ina sura mbili. Ukileta tiketi na taasisi ikakurudishia ulichotumia, hiyo siyo mapato, sheria inaitoa kwa kuwa ni kurudishiwa gharama ya kazi tu. Lakini kama kila mjumbe anapewa 120,000 sawa, aliyetoka Dodoma na aliyevuka barabara, hiyo si marejesho tena. Ni posho, na mkaguzi akiiona ataihoji. Mkuu, tiketi uliwasilisha?

---

#22 Mjumbe wa Robo

Robo iliyopita nilikabidhi tiketi za kwenda na kurudi. Robo hii karani alisema hazihitajiki, kila mtu anapewa kiwango. Tiketi ninazo nyumbani.

---

#23 Hesabu za Usiku

Basi umejipatia jibu la sehemu ya tofauti. Bila tiketi, anayeandaa vocha anaweka mstari mmoja wa jumla 1,220,000 na kukata yote. Hata kama angekuwa sahihi kwa kiwango, amekosea kwa kuchanganya mistari mitatu ya asili tofauti. Peleka tiketi zako kesho, pamoja na nakala.

---

#24 Wakili Mtaa wa Mahakama

Niweke hesabu ya maoni yaliyotolewa humu, mleta mada aone anagombania nini.

Kwa Vocha na mimi, tukikubaliana kwamba honoraria imesamehewa na nauli ni marejesho, makato ni 75,000. Honoraria ikikosa msamaha lakini ikahesabiwa pamoja na ada ya mkurugenzi, ni 15% ya 1,100,000, yaani 165,000. Yule ofisa wa Vocha wa "vikao ni 30%", kama nauli ataiacha, atakata 330,000. Na wao wamekata 366,000. Kwa hiyo hata kwa msimamo mkali kuliko wote humu, kuna 36,000 ya nauli ambayo haina mtetezi, ilimradi tiketi zipo.

Anza na hiyo. Ukipata wakubali kosa moja la wazi, watafungua vocha. Vocha ikifunguliwa, hayo mengine yanajadiliwa mezani.

---

#25 Kiriba

Mimi nisingeanza na 36,000, ningeanza na 291,000 yote. Ukiomba kidogo wanakupa kidogo.

---

#26 Vocha Namba Moja

Kiriba, kuna saa inakimbia hapa. Mleta mada, pesa iliingia tarehe ngapi?

---

#27 Mjumbe wa Robo

Tarehe 28 mwezi uliopita. Leo ni tarehe 3.

---

#28 Vocha Namba Moja

Basi una siku chache za maana. Kodi iliyozuiwa inapelekwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Kabla ya tarehe 7, mhasibu anaweza kurekebisha ritani ya mwezi na kukulipa tofauti kutoka kwenye akaunti ya taasisi. Ikishavuka, pesa haiko kwake tena. Atalazimika kurekebisha ritani iliyokwishatumwa, au wewe mwenyewe uidai TRA kupitia ritani yako ya mwaka, na huko ni safari ndefu.

Usipige simu tena. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mtendaji Mkuu, nakala kwa mhasibu mkuu na katibu wa bodi. Usiandike "nimeonewa". Andika tarehe ya malipo, kiasi kilichoidhinishwa kwa kila mstari, kiasi kilichoingia, halafu omba mambo matatu: mchanganuo wa makato kwa kila mstari, kifungu cha sheria walichokitumia kwa kila kiwango, na cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yako. Ambatisha tiketi. Malizia kwa kuomba kwamba kama kuna marekebisho yafanyike kabla ya tarehe 7. Mhasibu anayeulizwa kifungu hawezi kujibu "mfumo".

---

#29 Mkongwe wa Kamati

Nimesoma kimya, niseme jambo moja. Nimekaa kwenye bodi tatu. Mjumbe akihoji posho yake peke yake, inageuka maneno ya korido. Mwenyekiti wetu alikuwa anaiweka kwenye kikao, kwenye yatokanayo, kama suala la uzingatiaji wa sheria za kodi, na menejimenti inaleta andiko. Hapo hakuna anayelilia posho, bodi inasimamia taasisi isije ikapigwa faini na TRA kwa kukata pungufu au zaidi. Ongea na mwenyekiti wako.

---

#30 Hesabu za Usiku

Wazo zuri, ila bodi inakaa kila robo. Tarehe 7 haingoji. Afanye vyote viwili.

---

#31 Wakili Mtaa wa Mahakama

Nimwonye mleta mada jambo ambalo litamkera Kiriba. Kabla hujashangilia 15%, jiulize kama ni kodi ya mwisho. Wapo wanaosema ukishakatwa hiyo umemaliza. Wapo wanaosema ni malipo ya awali tu, na mwisho wa mwaka unajumlisha na mshahara, unawasilisha ritani kabla ya Juni 30, na kwa kuwa mshahara wako umezidi milioni moja kwa mwezi, kila shilingi ya bodi inaangukia 30% vilevile. Ukiwa kundi la pili, mgogoro wako wa 15% na 30% ni wa lini ulipe, siyo wa ulipe kiasi gani. Kinachobaki cha kweli ni honoraria na nauli, kwa sababu hizo ama zimo kwenye mapato au hazimo kabisa.

---

#32 Kiriba

Mimi ni wa kundi la kwanza. Ukishakatwa umemaliza.

---

#33 Vocha Namba Moja

Mimi nawashauri wajumbe wetu wapeleke swali hilo kwa maandishi kwenye ofisi ya TRA ya mkoa wao, wapate jibu lenye saini. Majibu ya mdomo nimeyasikia ya aina zote mbili.

---

#34 Chausiku wa Tandika

Swali la mwanafunzi: kama ana cheti cha 30%, na baadaye ikaonekana honoraria ilisamehewa, cheti kinamsaidia?

---

#35 Hesabu za Usiku

Ndiyo, ndiyo kazi yake kubwa. Kinathibitisha kilichozuiwa ili ukihesabie kwenye ritani. Ila hakikisha cheti kinataja aina ya malipo. Kikiandikwa "posho" tu kwa jumla ya 1,220,000, utahangaika kueleza ndani yake honoraria ilikuwa shilingi ngapi. Tunza na barua ya kuteuliwa kwenye ile kamati ndogo.

---

#36 Mjumbe wa Robo

Mrejesho wakuu. Barua niliipeleka tarehe 4 masijala na nakala yangu ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Jana nimeitwa na mhasibu mkuu mwenyewe, siyo yule wa simu.

Kafungua vocha mbele yangu. Ni kama Hesabu za Usiku alivyosema: mstari mmoja, "posho za bodi", 1,220,000, na mbele yake ajira ya pili. Nauli kaikubali papo hapo baada ya kuona tiketi. 36,000 inarudi, na ritani ya mwezi ilikuwa haijatumwa. Posho ya kikao kasema atairudisha kwenye 15% kwa kuwa ndivyo wanavyowakata wajumbe wengine, lakini ataandika TRA kuomba ufafanuzi, na wakijibu 30% atanikata tofauti robo ijayo. Hiyo ni 75,000 nyingine inarudi kwa sasa.

Honoraria kakataa. Anasema imelipwa kwa mapato ya ndani. Nikamwambia sheria inataja bajeti ya taasisi, akanijibu kwamba na yeye ana mkaguzi. Na kwa kuwa ni kazi ya kamati, siyo kikao cha bodi, kaiacha kwenye 30%. Kwa hiyo 180,000 imebaki ilipo.

---

#37 Kiriba

111,000 kati ya 366,000. Nilikwambia uombe yote.

---

#38 Wakili Mtaa wa Mahakama

Aliomba yote, Kiriba, barua ilikuwa na mistari mitatu.

Mleta mada, omba msimamo wake wa honoraria kwa maandishi, na uombe nakala ya ile barua anayoandika TRA. Kama swali la honoraria halimo kwenye barua hiyo, mwambie aliongeze, na aweke wazi kwamba wewe ni mtumishi wa taasisi nyingine yenye ruzuku. Akiuliza posho ya kikao peke yake, atajibiwa posho ya kikao peke yake.

---

#39 Mama Akiba

Mwanangu hongera kwa hiyo iliyorudi. Meneja wetu kaniambia vyeti vya mwaka jana vipo, vya miaka miwili ya nyuma anavitafuta. Nimempa wiki mbili.

---

#40 Vocha Namba Moja

Mama, akisema anavitafuta mwombe namba ya malipo ya TRA ya miezi ile. Cheti kinaweza kuchapwa tena, ila malipo ama yalifanyika au hayakufanyika.

Mjumbe wa Robo, jibu la TRA likija liweke hapa hata kama ni baya. Tuna wajumbe sita ofisini wanaokatwa honoraria kwa staili hiyohiyo.